UZI: Andalio moja, watu wawili darasani. Nani afanye nini kwenye kipindi cha kusoma, darasa la kwanza?

MwlKasulu
Wakuu, salaam. Nipo darasa la kwanza, shule ya msingi ya kijijini huku Kasulu. Chumba kimoja, watoto 88. Muhula huu tumepata binti wa kujitolea, kamaliza kidato cha nne, mwenyeji wa hapa hapa, Kiha na Kiswahili vyote anavyo. Kipindi kikianza mimi nafundisha, yeye anasimama nyuma. Kelele zikizidi ananyamazisha, mwisho anasahihisha madaftari. Naona kabisa kwamba nguvu yake inapotea.

Andalio langu lina safu za kawaida: hatua, muda, shughuli za kufundishia, shughuli za kujifunzia, upimaji. Mahali pa kumwandika hapaonekani. Nataka kuandaa kipindi kimoja cha dakika 30 cha silabi za l (la, le, li, lo, lu), kila mmoja wetu ajue kazi yake toka mwanzo hadi mwisho. Watoto wameshapita irabu, m na k. Anayejua namna ya kuliandika andalio la hivyo anielekeze.

ChakiNzega
Mwalimu, hilo mbona jepesi. Wale wazito kumi na tano au kumi na sita mpe binti akae nao chini ya mwembe, wewe endelea na waliobaki. Darasa linapungua kelele, na wale nao wanapata mtu wao.

MtaalumaBuhigwe
ChakiNzega, nusu ya hapo nakubaliana nawe: kundi dogo la wanaosuasua lazima liwepo. Ila umelikabidhi kwa mtu asiye wake. Mtoto anayeshindwa kuunganisha l na a ndiye mwenye tatizo gumu kuliko wote mle ndani, na wewe umempa mtu ambaye hajasomea ualimu, nje, asikosikia hata unachofundisha. Wiki tatu hivyo, na watoto wale watakuwa na darasa lao la pembeni lisilo na mwalimu. Uingereza walifanya utafiti mkubwa miaka ya 2000 kuhusu wasaidizi wa darasani wakakuta jambo lililowashtua: watoto waliokuwa wakisaidiwa zaidi na wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao wa uwezo uleule waliosaidiwa kidogo. Kosa halikuwa la wasaidizi. Walikuwa wanaingia kipindini bila kuandaliwa, na watoto wale walikuwa wanampata mwalimu wao kwa nadra.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya andalio la watu wawili ni hii: kazi ngumu ya kufundisha inabaki kwa mwalimu, msaidizi anashika zoezi ambalo tayari limefundishwa. Kwa darasa la Mwl wa Kasulu maana yake ni kwamba wanaosuasua wanakaa na mwalimu, na wale wengi wanakaa na binti. Najua inasikika kinyume. Nitaeleza.

Kabla ya kipindi cha l unahitaji orodha. Majina yale 16 usiyataje kwa kukisia, maana kwa kukisia utawachukua watukutu na kuwaacha wakimya. Siku mbili tatu kabla, watoto wakiwa wanaandika, binti akae mlangoni na kadi sita za silabi walizokwisha soma, tuseme ma, mi, mo, ka, ke, ku. Anaita mmoja mmoja, mtoto anasoma, yeye anaandika idadi aliyopata. Kila mtoto kama nusu dakika, na kubadilishana kwenye kiti kunakula muda, kwa hiyo 88 hawaishi siku moja. Waliopata chini ya nne ndio wa kundi la mwalimu. Wakifika 30 usiwarundike wote. Leo 16, kesho waliobaki.

Sasa dakika zenyewe.

Dakika 4 za mwanzo ni marudio, na mwalimu ndiye anayeshika ubao. Darasa likisoma kwa pamoja huwezi kujua nani anasoma na nani anafuata mdomo wa jirani. Hapo ndipo kazi ya binti inapoanza: ana majina manane kwenye karatasi, anasimama pembeni, mbele kidogo ya katikati ya darasa ili aone midomo, na anatazama hao wanane tu. Anayesoma kwa kuchelewa kidogo nyuma ya wenzake, huyo anafuata mkumbo. Anaweka alama. Hanyamazishi mtu.

Dakika 8 zinazofuata mwalimu anafundisha sauti ya l na kuiunganisha na irabu, kisha anajenga maneno mawili ubaoni, lala na lima. Binti anaendelea na wanane wake. Mwishoni mwa hatua hii mwalimu na binti wanaonyesha zoezi la wawili wawili mbele ya darasa, yeye akiwa mtoto wa kwanza na wewe wa pili. Dakika moja inatosha. Ukiruka onyesho hili, dakika 12 zinazofuata zitaharibika zote, kwa sababu watoto 72 watakuwa wanamuuliza binti wafanye nini.

Dakika 12 za katikati ndizo zenye thamani. Watoto 16 wanakuja mbele kwenye mkeka, safu mbili za wanane. Mwalimu anakaa mgongo ukiwa ubaoni ili uso wake uone darasa zima. Kila mtoto anasoma peke yake, na kwa hesabu hiyo kila mmoja anapata kama sekunde 45, yaani anasoma kwa sauti yake mara mbili hivi. Mtoto wa darasa la watu 88 hapati nafasi hiyo hata mara moja kwa wiki. Waliobaki 72 wako wawili wawili kwenye madawati, jozi 36, wanapanga kadi za silabi kuunda maneno na kusomeana. Binti anazunguka kati yao.

Dakika 6 za mwisho darasa linarudi kuwa moja. Mwalimu anasoma imla ya maneno matatu, watoto wanaandika, na binti anapita kwa wanane wake tu kuona walichoandika. Basi.

PoshoKwanza
Kabla ya yote hayo, huyo binti analipwa na nani? Serikali iajiri walimu, tusijifiche kwenye neno kujitolea. Posho inatoka kwenye fedha gani?

MwlKasulu
Mkuu, hoja yako ni ya msingi, ila mimi nimeuliza andalio la kipindi. Binti yupo kesho asubuhi na watoto wapo. La posho fungua uzi wake, nitakuja kuchangia.

Uyui_Sina_Imani
MtaalumaBuhigwe, watoto 72 wa miaka sita na saba kwa binti wa kidato cha nne? Dakika ya tatu pale pamechafuka, mwalimu anaacha mkeka, mpango umekufa.

MtaalumaBuhigwe
Pamechafuka kama zoezi ni jipya, kama vifaa havitoshi, au kama watu wawili wanatuliza darasa kwa wakati mmoja. Hayo matatu ndiyo ya kuangalia.

La zoezi nimesema: kupanga kadi wawili wawili wakafanye wiki nzima kwa silabi za m na k kabla ya l. Siku ya l kitu kipya kiwe silabi, namna ya kucheza iwe ileile.

La vifaa, kila jozi kadi 8: la, la, li, le, lo, ma, ma, ku. Jozi 36 mara kadi 8 ni kadi 288. Kadi ya sentimita 4 kwa 5 inatosha, manila kubwa mbili zinatoa zote na ziada inabaki. Maboksi ya dukani yanafaa vilevile na yanadumu zaidi. Kila seti itiwe kwenye bahasha yake, na namba iandikwe juu ya bahasha na nyuma ya kila kadi, 1 hadi 36. Bila namba, kadi zikidondoka sakafuni hutajua ni za nani na kipindi kinaishia kwenye kuokota. Kukata na kuandika ni kazi ya binti, lakini herufi za mfano mwandikie wewe, kwa sababu a ya kuandikwa haraka haraka mtoto ataisoma o.

La utulivu, mnachagua ishara moja, mfano kupiga makofi kwa mpigo ambao watoto wanaujibu. Dakika 12 za kwanza mwenye ishara ni mwalimu peke yake. Dakika 12 za mkeka mwenye ishara ni binti peke yake, hata kelele zikikukera. Ukiinua kichwa mkekani na kusema "nyamazeni", umewaambia watoto 72 kwamba binti si mtu wa kusikilizwa. Na fimbo asiishike kabisa. Kanuni za adhabu ya viboko zinamtaja mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, mtu wa kujitolea hayumo.

Kelele za watoto wanaosomeana si vurugu. Dalili ya vurugu ni mikono kutoka kwenye kadi.

Mama_KKK_Ujiji
Nimeangalia seti yako ya kadi, mtaaluma. Hapo kuna ku na ma kwenye bahasha moja. Ndani ya dakika mbili kuna jozi itaziweka pamoja, itasoma kwa sauti, na darasa lote litageuka. Binti wa watu ataona aibu, zoezi limekwisha. Ondoa ku, weka ka. Unapata kama, kali, lala, lima, mali, na hata kalala. Maneno safi na mengi zaidi.

Kila seti ya silabi ipangeni kwa njia zote kabla ya kukata kadi. Kazi hiyo ifanyeni wote wawili, maana kwa huku binti atagundua pia neno ambalo kwa Kiswahili halina shida lakini kwa Kiha halitamkiki mbele ya watu.

MtaalumaBuhigwe
Kweli kabisa, Mama. Iwe ka. Mwl wa Kasulu, badilisha: la, la, li, le, lo, ma, ma, ka.

MwlKasulu
Nimebadilisha. Sasa binti akizunguka kwenye jozi anasema nini? Leo nimemtazama kwenye silabi za k: akifika kwa mtoto aliyekwama anamsomea neno, mtoto anarudia, anasonga mbele. Amefika kwa watoto wengi sana, ila sidhani kama kuna aliyesoma.

Mama_KKK_Ujiji
Hapo ndipo wasaidizi wengi wanapoteleza, na si uvivu, ni huruma. Mtoto akikwama mtu mzima anajisikia vibaya, anatoa jibu. Mpe ngazi ya kupanda, na aanzie chini kila mara.

Akifika kwenye jozi, kwanza asiseme kitu. Ahesabu moyoni hadi tano akitazama kadi, si uso wa mtoto. Wengi wanajisahihisha hapo hapo. Akiona bado, aulize swali lisilo na jibu ndani yake: "Unaanza na kadi ipi?" Bado, atoe kidokezo: aguse kadi ya kwanza, aseme "hii uliiona kwenye lima". Bado, atamke silabi ya kwanza tu, mtoto amalizie. Kumsomea neno zima ni ngazi ya mwisho, na akifika hapo aandike jina la mtoto, kwa sababu huyo kesho ni wa mkekani.

Maneno yenyewe yaandikwe kwenye kikaratasi chake. Ukimwambia "wasaidie kwa kuwauliza maswali" atauliza "hii si ni lala?" Hilo ni jibu lenye alama ya kuuliza.

Na asijaribu kufika jozi zote 36. Kwa dakika 12 kwa mwendo huo atafika jozi kumi hivi, zinatosha. Panga kwa namba za bahasha: leo 1 hadi 10, kesho 11 hadi 20. Njiani akiona jozi ambayo mmoja kashika kadi zote, aseme "gaweni nne nne" bila kusimama.

Urambo_Std3
Naomba kuingiza la kwangu. Darasa la tatu, nina mtoto mmoja asiyesikia vizuri, msaidizi anakaa naye dawati moja kipindi kizima. Nimpangieje?

Mama_KKK_Ujiji
Mwalimu, msaidizi akikaa hapo kipindi kizima, mtoto anaacha kukutazama wewe na wenzake wanaacha kuongea naye. Mkalishe mbele upande unaoona uso wako vizuri, usifundishe ukiwa umegeukia ubao, na msaidizi amfuate kwa vituo: dakika mbili tatu kabla ya kipindi amwonyeshe maneno mapya yakiwa yameandikwa, kisha aje kwake mara tu unapomaliza kutoa maelekezo ya kazi ili ahakiki kama ameelewa, kisha aondoke. Kwa kazi za vikundi amwachie jirani. Lakini kipimo cha usikivu hospitalini ni muhimu kuliko mpango wangu wowote, kama bado hajapimwa.

ChakiNzega
Nimesoma, naona nilikosea la mwembe. Ila kuna jambo. Huko kwenu Kiha, mtoto ataona "lala" atasoma "rara". Binti mwenyewe huenda naye anasema hivyo. Sasa kwenye orodha yake ataweka tiki au mkasi?

MtaalumaBuhigwe
Swali zuri, na hili liamuliwe kabla ya kipindi, la sivyo mwalimu atapima kwa kipimo kimoja na binti kwa kingine. Kiha hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo mtoto anaweza kuitambua herufi vizuri na ulimi ukatoa r. Msimamo wangu: kwenye kipindi cha kutambua silabi, aliyeonyeshwa li akasoma "ri" bila kusita, na akaitofautisha na le na lo, ameitambua. Apewe tiki. Matamshi yafundishwe kwa utaratibu wake, na hapo mwalimu ndiye awe mfano wa sauti.

Mama_KKK_Ujiji
Mimi sikubali moja kwa moja. Leo unampa tiki kwa "ri", mwezi ujao unamfundisha r, na hapo ra na la zinakuwa kwake kitu kimoja. Akija kwenye imla ataandika "rima" kwa lima, na hilo si la matamshi tena. Binti aweke alama ya tatu: tiki, mkasi, na duara kwa aliyetambua lakini ametamka r. Wenye duara wasirudishwe mkekani, ila mwalimu awajue.

MtaalumaBuhigwe
Duara nakubali kama alama. Tunachotofautiana ni kama l na r zifuatane karibu au ziachane wiki kadhaa. Mimi naona ziachane.

Mama_KKK_Ujiji
Na mimi naona zikikaribiana mtoto anasikia tofauti. Wenye madarasa ya Kiha watuambie zaidi.

Uyui_Sina_Imani
Turudi kwenye andalio. Mthibiti ubora akija akakuta safu mpya umejichorea, utamwambia nini? Halafu jina la mtu asiye mwajiriwa liko kwenye andalio la serikali.

MtaalumaBuhigwe
Usichore safu. Ndani ya safu ya shughuli za kufundishia, kila hatua iandikwe sentensi mbili. Ya kwanza inaanza na "Mwalimu", ya pili inaanza na "Msaidizi". Jina si lazima. Mfano wa hatua ya mkeka: "Mwalimu anasikiliza wanafunzi 16, mmoja mmoja, wakisoma la, le, li, lo, lu na neno lima. Msaidizi anafuatilia jozi 1–10 zikiunda maneno kwa kadi na kurekodi waliosomewa neno zima." Ukiona sentensi ya msaidizi ina kitenzi "anasaidia" au "anasimamia" peke yake, ifute. Hicho ni kitenzi cha mtu aliyesimama nyuma. Kiwe kitenzi kinachoonekana: anaonyesha, anasikiliza, anarekodi, anagawa.

Kwenye safu ya upimaji andika atakachokuletea: majina mangapi, alama zipi.

Umzoeshe mwalimu mkuu na mtaaluma wa shule yako kwanza, waone andalio na waweke saini. Wathibiti ubora wanatofautiana, siwezi kukuahidi watapokeaje. Wengine wataka kila kitu kiwe kama kiolezo.

Uyui_Sina_Imani
Hapo umenijibu. Na binti anapewa nini mkononi? Andalio lote?

MtaalumaBuhigwe
Hapana, nusu ukurasa wa daftari. Lengo kwa sentensi moja: "mtoto asome silabi za l na kuunda maneno mawili". Maneno ya siku. Majina yake manane. Jozi zake kumi. Maswali ya Mama wa Ujiji kwa mpangilio. Kosa la kutazamia, yaani r kwa l. Mpe jana yake, mkae dakika kumi, na usimuulize "umeelewa?" Mwambie akuonyeshe: wewe uwe mtoto aliyekwama kwenye "mali", yeye akusaidie. Akikusomea neno, mrudie.

Baada ya kipindi dakika tano, kabla madaftari hayajakusanywa. Anasoma majina yaliyopata mkasi, unayaandika kwenye orodha ya mkeka ya kesho. Zikikosekana dakika hizo tano, alama zake hazina kazi, na baada ya wiki ataacha kuziandika.

MwlKasulu
Nimeandika, someni mnikosoe.

Utangulizi, dakika 4. Mwalimu anaongoza marudio ya ma, mi, mo, ka, ke kwa kadi kubwa. Msaidizi anatazama wanafunzi wanane na kurekodi wanaofuata wenzao.
Maarifa mapya, dakika 8. Mwalimu anafundisha sauti l na kuunda lala, lima ubaoni. Msaidizi anaendelea kurekodi. Dakika ya mwisho anaonyesha na mwalimu zoezi la kadi.
Kuimarisha, dakika 12. Mwalimu anasikiliza 16 mkekani. Msaidizi anagawa bahasha 36, anafuatilia jozi 1–10.
Hitimisho, dakika 6. Mwalimu anasoma imla: lala, kali, mali. Msaidizi anakagua wanane.

Mama_KKK_Ujiji
Kasoro moja. Umeandika anagawa bahasha 36 ndani ya dakika 12. Mtu mmoja kugawa jozi 36 ni dakika tatu nne zimekwenda, na watoto 16 nao wanahama kwa wakati huohuo. Bahasha ziwe mezani kabla ya kipindi, moja kwa kila jozi, zimegeuzwa chini. Na hao 16 wakalishwe madawati ya mbele tangu asubuhi ili kwenda mkekani kuwe hatua mbili. Kukusanya iwe kazi ya mtoto mmoja kila mstari, wakati wa kufungua madaftari ya imla.

MwlKasulu
Nimerekebisha. Madawati yangu wanakaa watatu watatu. Jozi zitakaaje?

Mama_KKK_Ujiji
Usiwahamishe. Fanya watatu: mmoja anapanga, mmoja anasoma, mmoja anaangalia kama kasoma alichopanga mwenzake, kisha wanabadilishana kila binti akipiga makofi. Seti zako zinashuka kuwa 24, kadi 192. Waliozoea wawili wawili wiki hii wafanye mazoezi ya watatu kwanza kwa silabi za k, l isubiri Jumatatu.